Kurasa Ngapi kwa Somo Moja

Nilipopangiwa kazi yangu ya kwanza ya ualimu, nilitoka kwetu Natta nikiwa na sanduku la bati, blanketi moja, na imani kwamba mwalimu mzuri hujulikana kwa unene wa daftari lake la matayarisho. Imani hiyo niliipata chuoni. Mkufunzi wetu alikuwa mtu mkali aliyepima andalio la somo kwa kuliweka kiganjani, kama mtu anayekadiria uzito wa kuku sokoni. Likiwa jepesi, alilirudisha. Kwa hiyo kwa miaka miwili nilijifunza kuandika: jina la somo, lengo, vifaa, utangulizi, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mazoezi, mpango wa ubao, hitimisho. Somo moja la dakika arobaini lilinichukua kurasa sita. Nilihitimu vizuri.

Shule niliyopelekwa ilikuwa ya misheni, juu ya vilima upande wa Tarime, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka barabara ya malori. Ilikuwa na madarasa manne chini ya paa moja refu la bati. Kuta za kutenganisha madarasa zilijengwa kwa matofali mabichi, na fedha ya wafadhili ilikwisha kabla hazijafika juu, hivyo kati ya ukuta na bati palikuwa na uwazi wa karibu dhiraa mbili. Yaliyosemwa darasa moja yalisikika darasa la jirani. Mvua ikinyesha tulinyamaza wote, walimu na watoto, tukingoja bati litulie.

Tulikuwa walimu wanne. Mwalimu mkuu alifundisha darasa la nne. Mimi nilipewa la tatu. La pili lilikuwa la kijana mwenzangu aliyenitangulia mwaka mmoja. Darasa la kwanza, lililopakana na langu, lilikuwa la mama mmoja wa hapo hapo vilimani, mtu mzima, mke wa seremala wa misheni, aliyeanza kufundisha kabla ya vita. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na siku nilipomwamkia "shikamoo, Mama," aliitikia, akanitazama miguu iliyojaa vumbi, akasema, "Karibu, mura. Kunywa maziwa kwanza. Watoto wapo, hawakimbii." Mura ndivyo wanavyomwita kijana kwa Kikurya. Aliniita hivyo mpaka mwisho, hata nilipokuwa na watoto wangu.

Wiki ya kwanza niliandika kama nilivyofundishwa. Kila siku nilikuwa na vipindi saba. Kurasa sita mara saba, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu angeiona haiingii siku moja. Nilimaliza kufundisha, nikakaa chini ya dirisha nikiandika mpaka sikuona tena mistari. Niliandika kila neno nitakalolisema. "Hamjambo watoto. Jana tulijifunza nini?" Hata hilo niliandika. Kisha asubuhi nilisimama mbele ya watoto hamsini na kitu, daftari mkono wa kushoto, chaki mkono wa kulia, macho yakiwa kwenye daftari.

Sitasahau somo la Jumatatu ile. Lilikuwa Kiswahili, kuhusu wanyama wa kufugwa. Niliuliza swali nililoandika, "Ng'ombe hutupatia nini?" Nilikuwa nimeandika jibu: maziwa, nyama, ngozi. Binti mmoja akasimama akasema, "Hutupatia mke." Darasa halikucheka. Kwao lilikuwa jibu zito na la kweli, maana mahari ni ng'ombe. Mikono kumi ikainuka, kila mtoto alikuwa na la kusema juu ya ng'ombe wa kwao. Lilikuwa ndilo jambo bora lililopata kutokea darasani kwangu. Mimi nikatazama ukurasa wa pili, nikaona halimo, nikasema, "Kaa chini. Maziwa, nyama, ngozi." Mikono ikashuka yote. Nikaendelea kusoma. Mwalimu mkuu alipogonga reli iliyoning'inia mtini kumaliza kipindi, nilikuwa mwanzo wa ukurasa wa nne. Mazoezi yalikuwa kwenye ukurasa wa sita. Watoto hawakuandika hata neno moja siku ile.

Nilimwendea mwalimu mkuu nikamuuliza, "Mwalimu, andalio la somo liwe na kurasa ngapi?"

Alikuwa akihesabu vipande vya chaki. Akasema, "Likutoshe."

"Na mkaguzi akija?"

"Hapo ndipo liwe refu," akajibu, akacheka. Lakini aliona sicheki, akaongeza kwa upole, "Muulize mama wa darasa la kwanza. Mimi mwenyewe nilijifunza kwake."

Sikwenda. Niliona haya. Mimi nilikuwa na cheti kutoka chuoni, na yeye, nilivyosikia, alifundishwa na masista kwa miezi michache tu. Nikamuuliza mwenzangu wa darasa la pili. Yeye akanionyesha daftari lake: mistari mitatu kila somo. "Vipindi saba kwa siku, ndugu yangu," akasema. "Unataka ufe?"

Hivyo wiki ya pili nikahamia upande wa pili wa mto. Andalio la hesabu la Jumatano niliandika hivi: Kutoa kwa kukopa. Vijiti. Mazoezi. Nikajisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Niliingia darasani mikono mitupu. Kwanza, vijiti. Nilikuwa nimeandika vijiti, lakini sikuwa nimevitafuta. Nikawaambia watoto tutafikiri tu kwamba tunavyo. Pili, mfano. Sikuwa nimechagua mfano, nikaandika ubaoni namba zilizonijia: 402, toa 158. Watoto wale walikuwa hawajawahi kukopa hata kwa namba ya tarakimu mbili, na mimi nimewapa sifuri katikati. Nikasema, "Mbili toa nane haiwezekani, tunakopa kwa jirani." Nikamtazama jirani. Jirani alikuwa sifuri, hana kitu. Nilijua la kufanya, nimelifanya mara elfu maishani, lakini sikujua namna ya kulisema. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikakopa kwenye nne, nikasahau njiani nimeacha ngapi, nikapata jibu, nikaona si lenyewe. Watoto walinitazama kwa adabu kubwa, na adabu ile iliniumiza kuliko kicheko. Jasho lilinishuka mpaka ndani ya shati.

Juu ya ukuta, kupitia ule uwazi, sauti ndogo ikawaambia watoto wa darasa la kwanza waimbe. Wakaimba kwa nguvu, wimbo mrefu, ukafunika darasa langu lote. Baadaye sana nilifahamu kwamba walikuwa wamekwisha kuimba asubuhi ile. Aliwaimbisha kwa ajili yangu.

Siku mbili baadaye mama huyo alifiwa na shangazi yake upande wa Kemambo, ikambidi aende matangani. Alikuja mlangoni kwangu na daftari lililofunikwa kwa gazeti.

"Mura, kesho utanishikia kundi langu la mchana; la asubuhi litapumzika. Wako wataondoka saa sita, wangu wataingia saa saba. Mambo yote yamo humu."

Niliposhika daftari nilishangaa wepesi wake. Nikafungua. Ukurasa mmoja kwa somo, masomo mengine nusu ukurasa. Nikajisemea moyoni, kumbe na yeye ni kama wa darasa la pili. Nikaliweka kando, sikulisoma mpaka asubuhi. Ndipo nikaona.

Lilikuwa somo la kusoma maneno. Nakumbuka karibu lote, maana baadaye nililinakili. Juu kabisa aliandika lengo kwa mstari mmoja: Mwisho wa kipindi, kila mtoto asome kula na kura bila kuyachanganya. Hakuandika "wajue kusoma." Aliandika kitu ambacho mtu anaweza kukisikia kwa masikio yake, ama kimetokea ama hakikutokea. Chini yake: Dakika tano, wataje kazi walizofanya asubuhi. Dakika kumi, kadi. Kadi ziko ndani ya kikapu nyuma ya mlango, kumi na mbili. Kisha swali la kwanza, juu ya kadi ya kula, limeandikwa lote, neno kwa neno. Na mbele ya swali, maneno haya: Watasema kura. Wote. Kwetu hatuna sauti ya l. Usicheke, usiwakemee. Waonyeshe ulimi unapogusa, waguse na wao. Watacheka wenyewe, waache wacheke kidogo.

Halafu: Anayekaa karibu na dirisha la pili haoni ubao, msogeze bila kusema kwa nini. Halafu: Wakichoka mapema, ruka kadi nne za mwisho. Wakimaliza mapema, wabuni sentensi. Chini kabisa palikuwa na nafasi tupu yenye neno moja, Maoni.

Saa saba nikaingia. Niliwauliza kazi za asubuhi. Nikatoa kadi nyuma ya mlango, zilikuwa kumi na mbili. Nikauliza lile swali kama lilivyoandikwa. Watoto arobaini wakajibu kwa pamoja, kwa furaha, "Kura!"

Nilitazama ukurasa, nikawatazama watoto, nikatazama ukurasa tena. Mama yule alikuwa maili nyingi kutoka pale, amekaa na wafiwa, na bado alikuwa amesikia sauti za watoto hawa siku moja kabla hawajazitoa. Niliwaonyesha ulimi. Wakagusa. Wakacheka. Niliwaacha wacheke kidogo. Mtoto wa dirisha la pili nilimwita aje anisaidie kushika kadi, na alipokuwa karibu na ubao nikaona macho yake yakifunguka, akaanza kusoma maneno ambayo, kwa uso wake, ni kama alikuwa anakutana nayo kwa mara ya kwanza.

Walichoka mapema. Nikaruka kadi nne. Reli ilipogongwa nilikuwa nimemaliza, na kila mtoto alikuwa amesoma kula na kura, isipokuwa watatu. Nilisimama pale darasa likiwa limebaki tupu, nikiwa na hofu ya namna niliyozoea kuisikia kanisani tu. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye ile nafasi: Watatu bado. Nikataja wanapokaa.

Aliporudi kutoka matangani nilimpelekea daftari nyumbani kwake. Alikuwa anachambua ulezi kwenye ungo. Nilimwamkia, nikampa pole, nikakaa kwenye kigoda nilichopewa. Alisoma mstari wangu chini ya ukurasa wake, akatikisa kichwa. "Watatu hao hao," akasema. "Nitaanza nao kesho."

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Mama, ulijuaje watakachosema?"

"Niliwasikiliza waliopita."

"Na kwa nini andalio lako ni fupi hivi? Chuoni tuliambiwa kurasa sita."

Aliweka ungo chini. Akaingia ndani, akarudi akikokota sanduku la mbao, kazi ya mumewe, lenye bawaba za ngozi. Akalifungua. Lilikuwa limejaa madaftari, yamepangwa kama matofali, mengine yamekuwa ya kahawia pembezoni. Akachomoa moja la chini kabisa, akanipa.

Lilikuwa la mwaka wake wa kwanza. Somo lile lile, kusoma maneno. Kurasa nane. Mwandiko umebanwa, mwandiko wa binti anayeogopa. Kila neno lilikuwamo, hata "Hamjambo watoto." Nikageuza kurasa haraka, kwa maana nilikuwa nimejiona mwenyewe. Daftari la mwaka uliofuata, kurasa tano. Lililofuata, nne, lakini pembeni pamejaa alama za wino mwekundu: hapa walishindwa, hapa nilisema maneno mengi, swali hili libadilike. Alikuwa akijisahihisha mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuyaona.

"Kwa hiyo na mimi niandike kurasa nane?" nikauliza.

"Kwani uliandika sita, ukafundisha?"

"Sikufundisha. Nilisoma."

"Na mistari mitatu?"

Niliinamisha kichwa. Alikuwa amesikia yote kupitia juu ya ukuta, hakuwa na haja ya kuambiwa.

"Sikiliza, mura," akasema, akirudisha ungo mapajani. "Usianze na kurasa. Anza na kuogopa. Unaogopa wapi katika somo? Pale ndipo uandike kirefu. Kama hujui utaelezaje kukopa, andika maelezo yake neno kwa neno, uyasome kwa sauti ukiwa peke yako, ukisikia hayaeleweki, andika mengine. Kuwaamkia watoto unajua. Usiandike."

"Na mifano?"

"Mifano andika yote, na majibu yake uyafanye wewe kwanza. Mfano hauokotwi njiani. Maswali makubwa, mawili au matatu, andika yote yalivyo, maana swali likigeuka kidogo mtoto anajibu kitu kingine. Halafu andika wao watasema nini. Siyo jibu zuri tu. Andika na lile baya."

Nilikuwa nimetoa kipande cha karatasi mfukoni, nikaandika juu ya goti. Nilimuuliza kuhusu vipindi saba. Akasema si vyote vyenye uzito sawa. Somo jipya, au lenye hatari, lipewe ukurasa mzima, ukurasa na nusu kwa mwalimu mgeni kama mimi. Somo la kurudia au la mazoezi, robo ukurasa inatosha, lakini lengo liwepo, na kazi watakayofanya watoto iwepo. "Hata la mistari mitano," akasema, "liseme tunakwenda wapi, tutapita wapi, na nitajuaje kama tumefika."

"Na la mwaka jana, naweza kulitumia tena?"

"Lisome. Usilinakili. Watoto wa mwaka jana wameondoka na makosa yao."

"Na nikiwa darasani nishike daftari?"

"Liweke mezani, wazi. Ukipotea, nenda ulitazame. Hakuna aibu. Lakini ukiona huwezi kulisoma ukiwa umesimama, kwa kulitupia jicho mara moja, basi ni refu mno, au mwandiko wako ni mbaya."

Mwisho alisema jambo lililonikalia. Alisema, ukitaka kujua kama andalio limetosha, fikiri umeugua ghafla na mwenzako ameingia darasani akiwa nalo. Akiweza kufundisha, limetosha. Akishindwa, umeandika pungufu. Akichoka kulisoma kabla ya reli ya kuingia kugongwa, umezidisha. Nilielewa, kwa sababu nilikuwa yule mwenzake.

Nilianza upya. Somo la kutoa kwa kukopa nilipanga kulirudia. Nilikata vijiti mia moja na ushee kwenye vichaka nyuma ya shule, nikavifunga kumi kumi kwa katani. Andalio lilikuwa ukurasa mmoja na mistari michache. Mfano wa kwanza 52 toa 17, wa pili 43 toa 26, wa tatu 61 toa 38. Maelezo ya kufungua kifungu kimoja cha kumi niliyaandika yote. Kisha nikakaa, nikafumba macho, nikajaribu kuwasikia watoto. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kurasa sita. Mwishowe nikaona: mtoto atatazama mbili na saba, ataona saba ni kubwa, atatoa mbili kwenye saba, tano, kisha moja kwenye tano, nne. Nikaandika: Wengi watasema 45. Usiseme wamekosea. Waambie wahesabu vijiti.

Siku ile ile ya somo hilo mkaguzi alikuja. Hakuna aliyetuarifu. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa ng'ambo ya ziwa, mwenye soksi ndefu nyeupe na daftari jeusi kwapani, na sifa zake zilimtangulia vilima vyote: kwamba aliwahi kumwambia mwalimu fulani afunge virago mbele ya watoto. Aliingia darasani kwangu kipindi cha hesabu kinaanza. Watoto wakasimama. Akaenda moja kwa moja mezani, akachukua daftari la matayarisho, akageuza ukurasa, akageuza tena, akatafuta kilichobaki.

"Ukurasa mmoja?"

"Na kidogo, bwana."

"Wewe ni mgeni kazini. Wageni huandika zaidi ya hapa. Huu ni uvivu, au ni nini?"

Upande wa pili wa ukuta darasa la kwanza lilikuwa kimya. Nikasema, na sijui nilipata wapi ujasiri, "Bwana, nimeambiwa andalio likitosha, hata mtu mwingine anaweza kufundisha nalo."

Nilidhani ndiyo siku yangu ya kufunga virago. Akaweka daftari lake jeusi mezani, akavua saa ya mkono, akailaza kando ya andalio langu. "Kaa," akasema. "Tuone kama linanitosha mimi."

Nikakaa kwenye benchi la nyuma pamoja na watoto, magoti yakigusa kidevu. Mkaguzi akasoma ukurasa akiwa amesimama. Akaandika lengo pembeni mwa ubao. Kisha akageuka akauliza, "Mwalimu, vijiti viko wapi?"

Nilikuwa nimeandika vijiti, vifungu kumi, lakini sikuandika viko wapi. Vilikuwa ndani ya debe chini ya meza, naye amesimama mbele yake. Mtoto mmoja akamwonyesha. Akatoa debe, akaandika kitu kidogo kwenye daftari lake jeusi, akaendelea.

Akaandika 52 toa 17. Akasoma swali langu kama lilivyo. Akamteua binti wa mbele, yule yule aliyesema ng'ombe hutupatia mke. Binti akasimama, akafikiri, akasema, "Arobaini na tano."

"Nani ana jibu jingine?" akauliza mkaguzi. Hakuna mkono. "Nani anasema arobaini na tano?" Mikono ikainuka kama majani ya mahindi.

Mkaguzi akashusha macho kwenye ukurasa. Niliona kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama. Aliinua kichwa akanitazama kule nyuma, mtazamo wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipojulikana. Ndivyo nilivyotazama mimi siku ile niliyofundisha darasa la kwanza. Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa tena ya mkaguzi, akafuata maneno yangu, "Haya. Tuhesabu vijiti."

Akampa binti vifungu vitano na vijiti viwili. Akamwambia atoe kumi na saba. Binti akatoa kifungu kimoja, akabaki na saba vya kutoa, akatazama vijiti vyake viwili. Darasa zima likanyanyuka kidogo kwenye mabenchi. Akashika kifungu kingine, akasita, akamtazama mkaguzi kama anayeomba ruhusa, akavuta katani. Vijiti kumi vikamwagika mezani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akahesabu saba, akavisogeza pembeni, akahesabu vilivyobaki, midomo ikienda polepole. "Thelathini na tano," akasema, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa nguvu. "Ni thelathini na tano!"

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile na nimeyaona mambo hayo mara nyingi, lakini bado sijui kuyaeleza. Mtoto anasimama upande huu wa jambo, halafu yuko upande ule, na hukuona alipovuka.

Mkaguzi alimaliza mifano yote mitatu, akatoa mazoezi, na reli ikagongwa watoto wakiwa wanaandika. Alivaa saa yake. Akanirudishia daftari.

"Andika vifaa viko wapi," akasema. "Na vingapi kwa kila kundi. Mimi nimepoteza dakika mbili. Na tarehe hukuandika." Akachukua daftari lake jeusi. "Nani alikufundisha kuandika watakachokosea?"

Nikamwonyesha ukuta kwa kidole. Akaenda huko. Alikaa darasa la kwanza kipindi kizima, na kupitia uwazi wa juu sikumsikia akisema neno hata moja. Alipotoka alikuwa ameshika kofia mkononi. Kwenye kitabu cha shule aliandika mistari miwili tu kuhusu mimi, wa pili ukihusu ile tarehe. Aliyoandika kuhusu mama yalikuwa ya sifa; mwalimu mkuu alipotusomea, mama akasema wakaguzi waliandika hivyo hivyo miaka iliyopita, tuendelee na kazi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilipita nyumbani kwake kumshukuru. Sikufika mlangoni. Nilimwona amekaa kwenye kigoda upande wa kivuli, daftari magotini, kalamu mkononi, macho yamefumbwa. Nilidhani anasali, nikasimama kando ya ua wa miti ya minyaa nikingoja. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nikasikia: alikuwa anataja majina. Alianza na benchi la mbele, akaenda benchi kwa benchi, mtoto kwa mtoto, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo, kana kwamba anampa nafasi ya kujibu. Kwa mmoja alitabasamu. Kwa mwingine akakunja uso, akarudia jina lile mara mbili.

Kivuli cha nyumba kilipungua mpaka kikaishia miguuni pake. Akafumbua macho, akaandika mstari mmoja, akafumba tena. Nikaondoka kimya kimya, nikiinua miguu ili mawe yasilie.